Herufi D si Dirisha: Kuisoma Ramani ya Nyumba ya Vyumba Viwili

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi.

Kila mmoja wenu ana karatasi moja mkononi. Ni ramani ya nyumba ndogo: sebule, vyumba viwili vya kulala, jiko, choo na bafu vya pamoja, na korido fupi. Tutashughulika na hiyo tu. Kuna wenye viwanja tayari, na kuna ambao fundi ameshawauliza "tuanze lini?", kwa hiyo naona ni heri tuimalize karatasi moja kuliko kupitia kumi juu juu.

Kabla hamjatafuta chumba chenu kiko wapi, elewaneni na mimi jambo moja kuhusu mchoro wenyewe. Chukua nyumba iliyokwisha kujengwa, uikate kwa msumeno kwa mlalo, usawa wa kifua cha mtu mzima, kama mita 1 na sentimita 20 kutoka sakafuni. Sehemu ya juu inyanyue uiweke pembeni, pamoja na paa, dari na lenta. Sasa simama juu utazame chini. Unachokiona ndicho kilichochorwa hapo.

Kutokana na msumeno huo, mistari yote ya karatasi hii inagawanyika. Kilichopitiwa na msumeno kimechorwa kwa mstari mzito: hizo ni kuta. Kilichoko chini ya msumeno, unachokiona kwa kutazama chini, kimechorwa kwa mstari mwembamba: sinki la jiko, choo, ngazi za baraza, kizingiti. Na kilichoko juu ya msumeno, ambacho tumekinyanyua na hakionekani tena lakini msanifu anataka ukikumbuke, kimechorwa kwa mstari wa vipande vipande. Tazameni mstari wa vipande unaoizunguka nyumba yote kwa nje, umbali wa sentimita 60 hivi kutoka ukutani. Wengi hudhani ni uzio au njia ya maji. Huo ni ukingo wa paa. Ukiuchimbia msingi, umechimba msingi wa hewa.

Twende kwenye kuta. Ukuta ni mistari miwili mizito inayokwenda sambamba, na katikati yake wengine huweka mistari ya mshazari, wengine hujaza rangi nyeusi au kijivu. Mtindo hutofautiana kati ya ofisi na ofisi, maana ni ileile: hapa msumeno umepita kwenye kitu kigumu. Mkiona kwenye kona ya baraza kimraba kidogo kilichojazwa weusi peke yake, hiyo ni nguzo. Na ule ukuta mfupi wa baraza, wa kukalia, hauna ujazo wowote ndani, mistari yake ni myembamba. Sababu mnaijua sasa: una kimo cha sentimita 60, msumeno umepita juu yake bila kuugusa.

Umbali kati ya mistari miwili ya ukuta ni unene, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu fedha ziko hapa. Kwenye ramani yetu kuta zote zimeandikwa 150. Namba zote za ramani zisizo na kipimo pembeni ni milimita, kwa hiyo 150 ni sentimita 15, yaani inchi 6. Tofali letu la kawaida la saruji la inchi 6 lina urefu wa milimita 450, upande mmoja 230 na upande mwingine 150. Ukilisimamisha, unapata ukuta wa 150. Ukililaza, unapata ukuta wa 230. Tofali ni lilelile, ila ukuta wa mita moja ya mraba wa kusimamisha unakula tofali karibu 9, na wa kulaza unakula karibu 13. Chukua ukuta mmoja wa sebule wenye urefu wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.7 usio na mlango wala dirisha. Kwa kusimamisha ni tofali kama 87, kwa kulaza ni kama 126. Huo ni ukuta mmoja.

Kwa hiyo fundi akikwambia "za nje tulaze, nyumba iwe imara", anaweza kuwa na hoja, hasa kama udongo wako au kimo cha nyumba kinadai hivyo. Lakini ramani hii haisemi hivyo, na vipimo vyake havitabaki vilevile. Upana wa nje ukibaki kama ulivyo, kila chumba chenye ukuta wa nje kinapoteza milimita 80 upande huo. Ukitaka vyumba vibaki, nyumba yote inatanuka, msingi unatanuka, na mabati yanaongezeka. Jambo hilo linaamuliwa na mchoraji kabla msingi haujachimbwa.

Namba nazo zimepangwa kwa mistari. Nje ya ukuta wa mbele mnaona misururu miwili ya vipimo. Ule wa mbali kabisa na nyumba una namba moja tu, 8,250. Huo ni upana wote wa nyumba, kutoka uso wa nje wa ukuta wa kushoto hadi uso wa nje wa ukuta wa kulia: mita 8 na sentimita 25. Wa ndani yake una vipande vya milango na madirisha, tutaurudia. Kisha ndani ya nyumba kuna msururu wa tatu unaopita sebuleni na kwenye chumba cha kwanza: 150, 4,500, 150, 3,300, 150. Yaani ukuta, sebule, ukuta, chumba, ukuta.

Toeni simu zenu mjumlishe. Inakuja 8,250. Sasa jumlisheni msururu wa upande wa nyuma: 150, jiko 2,400, 150, choo na bafu 1,950, 150, chumba cha pili 3,300, 150. Nayo ni 8,250. Hesabu hii ni ya dakika tano, na ndiyo ya kwanza kuifanya ukipokea ramani yoyote, hata kabla hujalipa salio. Misururu inayokwenda mwelekeo mmoja lazima ilete jumla moja. Isipolingana, tazama tofauti ni kiasi gani, maana tofauti yenyewe hukuonyesha kosa. Ukipata 8,100 badala ya 8,250, umepungukiwa na 150: kuna ukuta mmoja uliosahauliwa kuandikwa. Ukipata pungufu ya 300, ni kuta mbili, au kuna chumba kilichobadilishwa mteja alipoomba "niongezee kidogo" na namba za upande mwingine zikaachwa. Jengo lisipolingana kwenye karatasi, halitalingana siku ya kuseti. Kamba zitakataa kukutana kwenye kona, na fundi ataziba pengo kwa chumba atakachokichagua yeye.

Kwa wale wanaofikiri kwa futi: 3,300 ni futi 10 na inchi 10 hivi. Chumba cha "kumi kwa kumi" ni 3,048. Na mjue kwamba vipimo hivi vya vyumba vinatoka tofali hadi tofali, bila lipu. Ukipiga lipu ya milimita 15 kila upande, chumba cha 3,300 kinabaki 3,270. Kwa kitanda haina neno. Ila ukimpa seremala namba ya kwenye ramani atengeneze kabati la ukuta hadi ukuta, kabati halitaingia.

Madirisha sasa. Mtaona mahali fulani mistari mizito ya ukuta inakatika, na kwenye pengo hilo inapita mistari myembamba, mitatu au minne, sambamba na ukuta. Hilo ni dirisha. Mistari miwili ya pembeni ni kingo za ukuta ulioko chini ya dirisha, ambao unauona kwa kutazama chini. Wa katikati ni kioo. Kwenye dirisha la sebule, mstari wa katikati si mmoja: ni miwili mifupi iliyopishana kidogo, mmoja mbele, mwingine nyuma. Hilo ni dirisha la aluminiamu la kusukuma, na kule kupishana ndiko vioo vinakopitana. Kumbuka dirisha la vioo viwili vya kusukuma linafunguka nusu tu. Ukinunua dirisha la mita 1.8 kwa ajili ya upepo, unapata upepo wa sentimita 90.

Pembeni ya dirisha kuna kiduara chenye maandishi, W1. Na pembeni ya mlango kuna D1. Hapa ndipo Mswahili anapoteleza, kwa sababu herufi hizi ni za Kiingereza. D kwetu inavuta akili kwenye dirisha, kumbe D ni mlango. Dirisha ni W. Anayeagiza fremu akiwa na haraka, akahesabu D nne akidhani ni madirisha manne, ataletewa vitu ambavyo havina pa kuingia. Andikeni kwa kalamu pembeni ya karatasi sasa hivi: D mlango, W dirisha.

Ramani inakwambia upana wa dirisha na mahali lilipo. Kimo haikwambii, wala haiwezi, kwa sababu unatazama kutoka juu. Kimo kiko kwenye jedwali la milango na madirisha, hapo chini kulia. W1 imeandikwa 1800 x 1200: kwa mpangilio wa jedwali letu, upana kwanza, kimo baadaye. Someni vichwa vya safu kila mara, msikisie. Kuna safu nyingine inayosema kingo ya chini iko 900 kutoka sakafuni. Jumlisha 900 na 1200, unapata 2,100, ambayo ndiyo usawa wa juu wa milango yote. Ndipo lenta inapopita, mstari mmoja nyumba nzima. Dirisha ambalo jumla yake haifiki 2,100, au inazidi, bila sababu inayoeleweka, uliza.

Sasa angalieni dirisha la bafuni, W3. Ukuta haujakatika kabisa. Umepita mzima, na juu yake kuna mistari ya vipande vipande. Je, kuna dirisha au hakuna? Lipo. Jedwali linasema W3 ni 600 x 600, kingo ya chini 1,500. Msumeno wetu umepita kwenye 1,200, chini ya dirisha, kwa hiyo umekata tofali tupu, na dirisha limeondoka na sehemu ya juu. Dirisha hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Fundi anapandisha ukuta hadi lenta, inamwagwa zege, halafu mtu anakumbuka kuwa bafu halina hewa. Kinachofuata ni nyundo na patasi kwenye ukuta mpya.

Turudi kwenye ule msururu wa pili wa mbele, wa milango na madirisha. Unasomeka kutoka kushoto: 450, 1,000, 900, 1,800, 1,550, 1,500, 1,050. Jumla yake tena 8,250. Namba ya 1,000 ni pengo la mlango mkubwa, 1,800 ni dirisha la sebule, 1,500 ni dirisha la chumba. Nyingine ni vipande vya ukuta kati yake. Chukueni hiyo ya mwisho, 1,050, kati ya dirisha la chumba na kona ya nyumba. Inaanzia uso wa nje wa kona. Ndani ya hiyo 1,050 kuna unene wa ukuta, 150, kwa hiyo ukiwa ndani ya chumba utapima 900 kutoka konani hadi dirishani. Upande wa pili nako ni 900, kwa sababu 900 na 1,500 na 900 ni 3,300. Dirisha liko katikati kabisa ya chumba. Fundi akiwa amesimama ndani, akashika futi kamba kwenye kona ya ndani na kupima 1,050, dirisha linasogea sentimita 15. Kwa nje halilingani na mchoro, kwa ndani kitanda hakikai katikati ya dirisha, na hakuna anayejua kosa limetoka wapi. Kwa hiyo kabla ya kupima, fuata kile kimstari kidogo cha mwisho wa kipimo uone kinagusa uso upi wa ukuta.

Milango nimeiweka mwisho kwa sababu alama yake ina habari nyingi kuliko zote. Ukuta unakatika, kunakuwa na pengo. Kwenye ncha moja ya pengo unasimama mstari mmoja ulionyooka, kama mlango ulioachwa wazi. Huo ni ubao wa mlango. Kutoka ncha ya ubao unatoka mstari wa kupinda, robo ya duara, mpaka upande wa pili wa pengo. Huo ndio njia ya mlango unapofunguka. Mahali ubao unapogusa ukuta ndipo bawaba zilipo. Mwisho wa upinde, kule ubao unapofika ukifungwa, ndipo kitasa kilipo. Na chumba ambacho upinde umeingia ndicho mlango unakofungukia. Kwa alama hiyo moja umejua mambo matatu, na fundi wa umeme amejua la nne: swichi inakaa upande wa kitasa. Ikiwekwa upande wa bawaba, kila usiku utaingia, ufunge mlango, ndipo uipapase ukutani nyuma ya mlango.

Mlango wa milango miwili una pinde mbili zinazokutana katikati. Na kati ya sebule na korido mnaona pengo lisilo na ubao wala upinde, ila mistari miwili ya vipande vipande imevuka. Hapo hakuna mlango. Ni uwazi tu, na hiyo mistari ni lenta inayopita juu. Mlango mkubwa una mstari mwembamba uliovuka pengo chini: ni kizingiti, kwa maana baraza iko chini kidogo ya sakafu ya sebule, mvua isiingie.

Mlango wa chumba cha pili, D2, uko mwisho wa korido. Korido ina upana wa 1,200, na pengo ni 900, huku kipande cha ukuta cha 150 kikibaki kila upande. Vipande hivyo ndivyo fremu inakofungwa, na vinaacha nafasi ya lipu. Halafu tazameni jedwali: D2, ubao 800 x 2050. Mbona pengo 900 na ubao 800? Kwa sababu kati yake kuna fremu ya mbao, karibu milimita 50 kila upande. Si kila jedwali linaandika ubao. Mengine yanaandika pengo. Mchoraji asipobainisha, muulize, kwa sababu fundi akiiona 800 akaacha pengo la 800, fremu ikiingia unabaki na njia ya 700 hivi. Siku ya kuhamia ndipo friji na godoro vitakapotoa ushahidi.

Sasa choo na bafu, ndipo upinde unapofanya kazi yake hasa. Chumba kina upana wa 1,950. Mlango D3 una pengo la 800, uko karibu na ukuta wa kulia kama unavyoingia, na bawaba ziko kulia. Ukifunguka, ubao unalala kwenye ukuta wa kulia, na choo kiko kushoto, wazi. Fundi akizigeuza bawaba zikawa kushoto, kwa hoja kwamba mlango ni uleule, ubao utasimama katikati ya chumba, kati yako na choo. Utaingia, ujibane upande wa kulia, uzunguke ubao, ufunge, ndipo upite. Kwa mzee au mtu mwenye ndoo mbili za maji hilo ni tatizo la kila siku.

Na jambo la rula, kwa sababu nimeona wawili mmeshazitoa. Ramani hii imeandikwa kipimo cha 1:100, sentimita moja kwenye karatasi ni mita moja kiwanjani. Upana wa 8,250 unapaswa kuwa milimita 82 na nusu kwenye karatasi. Pimeni. Mnapata kama 58, sivyo? Ramani ilichorwa kwenye karatasi ya A3, nami nimeitoa kwa makusudi kwenye A4, kama mnavyofanya mkitumiwa kwa simu na kuipeleka stesheneri. Imepungua hadi asilimia 71. Maandishi ya 1:100 yamebaki palepale lakini si kweli tena. Mtu akipima chumba kwa rula hapa, mita 3.3 anaisoma 2.3. Namba iliyoandikwa ndiyo ya kufuata. Penye namba isiyosomeka, piga simu kwa mchoraji, usiitafute kwa rula.

Kazi ya mwisho inafanyika kiwanjani, jamvi, yaani zege la sakafu, likishakauka na kabla tofali la kwanza halijapangwa. Beba ramani, futi kamba, chaki na kipande cha kamba. Chora kuta kwa chaki, mistari miwili yenye nafasi ya 150. Weka alama ya kila pengo la mlango. Kisha kwenye kila mlango, shika ncha ya kamba pale bawaba itakapokaa, ivute hadi upana wa ubao, 700, 800 au 900, uzungushe robo ya duara kwa chaki. Chora na choo kwa ukubwa wake, kitanda, na jiko la gesi. Ingia kwa kupitia kila mlango, ukiufungua kwa mkono mtupu. Chaki ya mlango ikikanyaga chaki ya choo, bado unaweza kuifuta kwa kitambaa cha maji.